Akaunti imebadilika ghafla, nilipie gari au nisubiri?

*Shikamoo Mjomba. Nimejichanga miaka minne ninunue gari la kubebea bidhaa zangu za duka. Nilichagua Toyota Noah kwenye tovuti ya kampuni moja ya Japani, wakaniletea profoma ya dola 6,850 hadi bandari ya Dar, na akaunti ya benki ya Tokyo. Juzi ikaja barua pepe nyingine: akaunti ya Tokyo inakaguliwa na watu wa kodi, nitumie ya Uingereza, na nikilipa ndani ya saa 48 napunguziwa dola 200. Nembo ni ile ile, jina la kampuni lile lile, aliyeandika ni kijana yule yule niliyezoea kuwasiliana naye, namba ya chasisi iko sawa. Mume wangu anasema kampuni kubadili benki ni kawaida. Shemeji anasema nitume dola mia kwanza kujaribu. Kesho nina miadi na benki. Nitume?*

*Mama Noah mtarajiwa, Mwanza*

Marahaba, mpwa wangu. Usitume. Kesho benki usiende, au ukienda nenda kuwasalimia tu.

Mumeo hajakosea kabisa, kampuni hubadili benki kweli. Lakini hebu itazame hiyo barua kwa macho ya muuzaji. Kampuni inayouza magari nje kila siku ina faida gani ya kukupunguzia dola 200 ili tu pesa yako ipitie Uingereza? Na mtu ambaye akaunti yake inakaguliwa na watu wa kodi, anakwenda kufungua nyingine nchi ya pili katikati ya ukaguzi? Kisingizio cha ukaguzi kinapendwa kwa sababu kinamtia mteja aibu ya kuuliza maswali. Halafu saa 48. Huyo aliyekupa saa 48 anajua kwamba ukipewa siku tano utampigia mtu simu.

Nadhani kinachokuchanganya ni hiki: mbona anajua kila kitu? Jina lako, gari lako, chasisi, hadi bei. Jibu ni kwamba anazisoma barua zenu. Ama sanduku la barua pepe la yule kijana limeingiliwa, ama ni la kwako. Hawa watu hawakurupuki. Wakishapata neno la siri la mtu mmoja, huweka amri ndani ya sanduku lake ili nakala ya kila barua iende kwao, kisha wanakaa kimya. Wiki nzima unapobishana bei ya kusafirisha, wao wanasoma. Profoma ikitoka, wanaichukua, wanafuta mstari wa benki, wanaandika wa kwao, na kila kingine wanakiacha kama kilivyo. Ndiyo maana nembo ni ile ile. Haikuchorwa upya, ni ya kampuni yenyewe.

Ifungue ile barua ya juzi kwenye simu yako. Simu inakuonyesha jina tu, haikuonyeshi anwani. Gusa jina, anwani yenyewe itafunguka chini yake, kisha iweke sambamba na barua ya kwanza kabisa uliyopokea na usome herufi moja moja kama mtoto anayejifunza kusoma. Mara nyingi utakuta m imegeuzwa r na n zilizobanana, au i imekuwa l, au kampuni iliyokuwa ikiishia na `.co.jp` sasa inaishia na `.com`. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu `.co.jp` hupewa kampuni iliyosajiliwa Japani tu, wakati `.com` ananunua yeyote, usiku wa manane, kwa bei ya chakula cha mchana. Kisha bonyeza kana kwamba unajibu, bila kutuma, uone jibu linaelekea anwani gani. Huenda barua ikaonyesha imetoka kwa kampuni lakini jibu linakwenda kwingine.

Ila nikuonye: ukikuta anwani ni sahihi herufi kwa herufi, bado hujapata uthibitisho wowote. Aliyeingia ndani ya sanduku la yule kijana anaandika kutoka humo humo.

Mimi nilikaa dirisha la malipo ya nje miaka kumi na moja, na hili la benki watu wengi hawalijui. Ukituma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri unaona jina la mpokeaji. Ukiona jina la mtu usiyemjua, unaacha. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani na benki ndivyo ilivyo. TT, yaani kutuma pesa nje ya nchi kupitia benki, kwa kawaida haina kitu hicho. Unajaza fomu: jina la mpokeaji, anwani yake, benki, namba ya SWIFT, namba ya akaunti, sababu ya malipo. Unaambatanisha profoma. Yule binti wa dirishani anachokagua ni kama fomu na profoma vinakubaliana. Na vitakubaliana, kwa sababu umenakili fomu kutoka kwenye profoma ile ile iliyoghushiwa.

Pesa ikishaondoka, inafuata namba, si jina. Wewe utaandika jina zuri la kampuni ya Japani juu ya namba ya akaunti ya mtu mwingine kabisa, na huko iendako zipo benki zitakazoshtuka na kuirudisha, zipo zitakazoipitisha. Huwezi kuuweka mtaji wa miaka minne kwenye bahati ya karani usiyemjua.

Nina mteja mmoja sitamsahau. Alikuwa na duka la vipuri, mtu makini, anahesabu noti zake mara tatu. Alikuja Ijumaa mchana na profoma iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati, dola 9,400, lori dogo. Nikakagua, vikalingana, nikagonga mhuri. Siku ya tisa alirudi na barua kutoka kampuni: ndugu mteja, bado tunasubiri malipo yako. Tuliziweka profoma mbili mezani, ile ya mwanzo na ile aliyolipia. Mstari wa benki kwenye ya pili ulikuwa na namba 1 isiyo na kikofia juu, wakati namba 1 zote kwenye ukurasa ule zilikuwa na kikofia. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote, na ilikuwa mbele ya macho yangu nilipogonga mhuri. Tuliandika kuomba pesa irudishwe. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mstari mmoja: akaunti haina salio.

Tangu siku ile nikajifunza kusoma namba ya SWIFT, na wewe nitakufundisha sasa hivi kwa sababu ni dakika moja. Ina herufi nane au kumi na moja. Nne za mwanzo ni benki, mbili zinazofuata ni nchi. Kwa mfano `BOTKJPJT` ni ya benki ya MUFG ya Japani: BOTK ni benki, JP ni nchi. Sasa chukua hiyo ya juzi, hesabu hadi herufi ya tano na ya sita. Nina hakika utakuta GB. Na namba ya akaunti yenyewe bila shaka ni ndefu, inaanza na GB pia, tarakimu na herufi ishirini na mbili. Hiyo inaitwa IBAN. Japani haitumii IBAN. Kwa hiyo ukiletewa IBAN na kuambiwa ni akaunti ya Tokyo, ujue mwandishi hajawahi hata kuiona akaunti ya Tokyo. Wako walau amekiri kwamba ni Uingereza.

Hilo lakini ni geti la nje tu. Mwizi anaweza kuwa na akaunti Japani pia. Kwa hiyo, hata ingekuwa JP, lazima jina la mwenye akaunti liwe jina la kampuni iliyokuandikia profoma. Siyo jina la mtu, siyo la meneja, siyo la "kampuni yetu dada". Ukiambiwa mwenye akaunti ni mtu binafsi kwa sababu ya kupunguza kodi, funga kompyuta ukapike.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni simu moja.

Usipige namba iliyo chini ya barua ya juzi. Hiyo atapokea yeye mwenyewe, na atakuthibitishia kwa sauti tamu. Usibonyeze kiungo chochote kilichomo kwenye barua. Andika anwani ya tovuti ya kampuni kwa mkono wako, ile uliyoingilia siku ya kwanza ulipoiona Noah, utoe namba humo. Namba ya Japani inaanza na +81. Kampuni nyingi zinazouza sana kwetu zina wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo usiogope Kiingereza. Angalia saa tu. Japani wametutangulia saa sita, ofisi zao zinafunguka kwetu ikiwa saa tisa usiku na kufungwa saa sita mchana. Ukipiga saa mbili asubuhi ukiwa na chai yako, kwao ni saa nane mchana, wako kazini. Na usipige mwanzoni mwa Mei ukashangaa hawapokei, wana mapumziko marefu yanayoanza mwishoni mwa Aprili. Wezi wanayajua mapumziko hayo kuliko sisi, kama wanavyozijua Ijumaa zetu.

Ukipokelewa, taja namba ya gari, ile ya stoku iliyoko kwenye tangazo. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, usiwasomee akaunti na kuuliza "ni sahihi?" Mtu aliyechoka ofisini atasema ndiyo, ndiyo, akuondoe kwenye simu. Waambie wao wakusomee: naomba mnisomee jina la mwenye akaunti, jina la benki, na tarakimu sita za mwisho. Wewe kaa na kalamu. Wanachosoma andika, kisha linganisha na profoma ya kwanza. Vikilingana, andika pembeni ya karatasi tarehe, saa, na jina la uliyezungumza naye. Uliza pia kama wametuma barua yoyote ya kubadili akaunti. Nina wasiwasi watashtuka kuliko wewe.

Tukiwa hapo hapo, umenieleza gari ulilichagua kwenye tovuti, hujataja kuelekezwa na mtu aliyekwisha kununua kwao. Basi kuna swali la nyuma ya hili: kampuni yenyewe ipo? Maana kama tovuti nzima ni ya mwizi, hiyo simu atapokea mwizi na kila kitu kitalingana vizuri. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba yake yenye tarakimu 13, na mamlaka ya kodi ya Japani inaziweka wazi kwenye `houjin-bangou.nta.go.jp`, una haki ya kutafuta bure. Omba namba hiyo, iingize, uone jina na anwani inayotoka. Jina hilo lazima ndilo liwe kwenye profoma na ndilo liwe la mwenye akaunti. Upo pia umoja wa kampuni za Japani zinazouza magari yaliyotumika nchi za nje, JUMVEA. Wauzaji wengi wanabandika nembo yake chini ya tovuti zao, na nembo kubandika ni kazi ya sekunde. Nenda kwenye tovuti ya JUMVEA yenyewe ulitafute jina la kampuni kwenye orodha ya wanachama, kisha utazame anwani ya tovuti iliyoandikwa pale kama ndiyo hiyo uliyoingilia. Wezi wana tabia ya kuazima jina na namba ya kampuni ya kweli na kufungua tovuti inayofanana nayo, kwa hiyo kulikuta jina hakutoshi. Anwani na simu nazo zioane.

Shemeji yako amesema utume dola mia kwanza. Wazo linasikika la busara, na wengi wamelia nalo. Mwizi atapokea hizo dola mia, atakuandikia ndani ya saa moja: tumepokea, asante sana, endelea na zilizobaki. Jaribio linathibitisha kwamba akaunti ipo na inapokea pesa. Halisemi ni ya nani. Lingekuwa na maana kama ungetuma kwenye akaunti iliyokwisha kuthibitishwa kwa simu, kisha ukapiga tena namba ile ile kuuliza ni kiasi gani hasa kimeingia. Lakini kwa TT, ada ya benki yako na makato ya benki za katikati yatakula sehemu nzuri ya hiyo mia, na ukishathibitisha kwa simu sioni unanunua nini kwa ada hizo.

Badala yake, omba kulipa kwa mafungu mawili. Hili kampuni nyingi wanalikubali, baadhi hulipendekeza wenyewe. Nusu sasa, yaani dola 3,425, gari lipakiwe. Nusu ya pili ukishaona nakala ya BL, ile hati ya meli. BL ikija usiitazame juu juu. Tafuta jina lako kwenye nafasi ya mpokea mzigo, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Soma namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu. Chukua namba ya BL na jina la meli, mpe wakala wako wa forodha aulize kwenye ofisi ya kampuni ya meli pale Dar kama hati hiyo wanaitambua. Wakisema ndiyo, lipa iliyobaki, watume hati halisi kwa kurie. Bila hati halisi, au maelekezo ya kampuni ya meli kwamba mzigo utolewe bila hiyo, gari halitoki bandarini. Ndiyo sababu nao wanakubali kukusubiri: hati imo mikononi mwao hadi ukamilishe.

Fungu la pili litoke kuelekea akaunti ile ile iliyopokea la kwanza. Katikati ya mafungu mawili ndipo barua za "tumebadili benki" zinapopenda kuja, kwa sababu tayari umeshaaminiana na kampuni na mkono umelegea. Ikija, unaanza upya: simu, kusomewa, kuandika.

Siku utakayojaza fomu, nakili kutoka kwenye karatasi uliyothibitisha kwa simu, si kutoka kwenye barua pepe. Kwenye sababu ya malipo andika namba ya stoku na ya chasisi. Watakuuliza nani anabeba gharama, chagua `OUR`, maana yake zote ziko juu yako. Ukichagua kugawana, benki ya katikati itakata chochote kitu, kampuni itapokea pungufu, na utaanza kubishana nao juu ya dola 25 wakati gari limekaa bandarini Yokohama. Pesa ikitoka, omba nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo yako, ule ambao wengi bado wanauita `MT103`. Hiyo ndiyo risiti yako ya kweli, inaonyesha akaunti iliyotumiwa, benki, tarehe na kiasi. Watumie kampuni, na isome wewe mwenyewe kabla hujaondoka dirishani. Kosa la tarakimu likionekana hapo, waambie benki papo hapo wajaribu kuyasimamisha malipo.

Kwa wasomaji wengine ambao barua hii inawakuta wameshatuma: nendeni benki leo, si kesho, na profoma zote mbili na `MT103`. Ombeni benki iandike kwa benki iliyopokea kwamba ni wizi na pesa izuiwe irudishwe. Kama bado haijaingia kwenye akaunti ya mtu, kuna matumaini. Ikishaingia, benki ya kule kwa kawaida itataka ridhaa ya mwenye akaunti au amri ya vyombo vya dola, na mwizi hatoi ridhaa. Polisi mpeleke taarifa siku hiyo hiyo, maana benki nazo hushughulika haraka zaidi zikiona namba ya jalada.

Narudi kwako, mpwa wangu, kwa jambo ambalo huenda umelisahau. Kuna mtu anasoma barua zenu, na huenda anazisomea kwako. Kabla hujaandika chochote tena, badilisha neno la siri la barua pepe yako na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Kisha, kama unatumia Gmail, ifungue kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio, angalia sehemu iliyoandikwa `Forwarding and POP/IMAP` na ile ya `Filters and Blocked Addresses`. Ukikuta anwani usiyoijua inapelekewa nakala, au amri ya kuzificha barua zenye jina la kampuni, ifute. Kubadili neno la siri peke yake hakuondoi amri hiyo. Nimewahi kumwona mtu amebadilisha maneno ya siri mara tatu na mwizi bado anasoma kwa raha zake.

Ile barua ya juzi usiijibu, wala usimwambie umegundua. Usiifute pia. Kampuni watataka kuiona, waelekeze kwa simu kwanza kabla ya kuwatumia.

Na pesa ya ushuru iweke mbali na hii kabisa. Gari likifika, TRA wanakadiria kodi na kukupa namba ya malipo, unalipia benki au kwa simu yako mwenyewe kwa namba hiyo. Wakala akikuambia mtumie yeye kwenye namba yake ya simu "ili iende haraka", mwambie una namba ya malipo, utalipa mwenyewe. Ada yake ya kazi mlipe kando, na akupe risiti.

Kesho saa mbili asubuhi piga hiyo simu, halafu niandikie wamekusomea akaunti ipi.